Nyama Iliyobaki Mfupani

Kafedha alikuwa na mikono iliyochoka kuliko uso wake, na uso wenyewe ulikuwa umechoka vya kutosha. Ukimtazama akikoroga sima ya watu ishirini na wanne ungedhani anasukuma behewa. Alikuja Changamwe kutoka Kaloleni akiwa mke wa Mwarandu, mpakiaji wa magunia bandarini. Mwarandu alikufa kwa homa vita vikiwa havijaisha, akamwachia binti mmoja, sufuria mbili na shoka lisilo na mpini. Kafedha hakurudi kwao. Alisema huko kwao kuna watu wa kumwonea huruma, na yeye huruma haimshibishi.

Basi akapika. Wenzake Mwarandu, vibarua wa bandari na wa reli, wengine Wagiriama na Warabai, wengine watu wa bara, walikuwa wamejiunga kula pamoja kwa sababu kila mtu kujipikia ni hasara tupu. Walichanga kila juma, wakamfanya Justus awe mshika mfuko. Justus alikuwa Mtaita, karani wa kuhesabu shehena, mtu mpole aliyependa kila kitu kiwe na sababu yake. Kafedha walimpa shilingi kumi na mbili kwa mwezi, na juu ya hizo wakamwekea haki ya mpishi: mifupa yote ya ng'ombe na vichwa vyote vya samaki ni vyake, aende navyo nyumbani.

Usiidharau haki hiyo. Mwaka ule baada ya vita kila kitu dukani kilikuwa kimepanda na mshahara umekaa palepale kama umepigwa msumari. Mtu aliyekuwa na mifupa ya bure kila siku alikuwa na kitu. Tena wakati huu Kafedha aliihitaji kuliko siku zote, maana binti yake Nyevu alikuwa amejifungua. Mumewe Nyevu alikuwa ameandikwa kazi ya mkonge huko Vipingo, na pesa zake zilikuja zikitaka. Nyevu alilala chumbani kwa mama yake bondeni, ng'ambo ya reli, amekonda mpaka mifupa ya mabega inahesabika, na maziwa yalikuwa yanatoka kwa kubembelezwa. Kila jioni Kafedha alimchemshia supu yenye pilipili manga, akamsimamia mpaka aimalize. Siku Nyevu alipokunywa supu, mtoto alilala. Siku ambayo hakunywa, hakulala mtu.

Sasa hapa pana jambo ambalo Kafedha hakuwahi kulisema kwa mtu, na mimi nalisema kwa kuwa bila hilo hadithi haiendi. Kisu chake hakikufika mfupani. Mbwana, mwenye bucha pale karibu na stesheni, aliwauzia nyama yenye mifupa kwa senti hamsini ratili: shingo, mbavu, muundi, na kipande cha paja cha kuwafurahisha. Kila siku ilikuwa shilingi sita, ratili kumi na mbili. Kafedha aliikata chini ya paa la makuti nyuma ya nyumba ya wale vibarua, peke yake, na alipoutoa mfupa shingoni aliuacha umevaa nguo. Aliacha nyama kidogo katikati ya mbavu, kidogo mafundoni, kidogo pale ambapo jicho la mtu haliendi. Kwa siku nzima hiyo kidogo-kidogo ilifika ratili moja. Hakuiita wizi. Alijiambia kwamba mkono umechoka, na mkono kweli ulikuwa umechoka, kwa hiyo hata uongo wake ulikuwa nusu kweli.

Mambo yangeendelea hivyo kama si Mwangi. Mwangi alikuwa kijana wa Murang'a aliyepata kibarua kwenye ghala la barafu kule bandarini, na jioni moja alirudi macho yamemtoka.

"Jamani," alisema kabla hata hajanawa, "sisi ni wajinga. Kuna nyama ya barafu imebaki ya jeshi, wanaiuza. Haina mfupa hata mmoja! Mnofu mtupu, senti sitini ratili. Na samaki wapo, hawana vichwa wala matumbo, senti hamsini. Sisi hapa tunamlipa Mbwana pesa za mifupa!"

Wanaume wakaguna. Justus akafikicha kidevu. "Mifupa tunailipa kweli," alisema polepole. "Ukinunua ratili kumi na mbili, mfupa ni ratili ngapi? Mama Nyevu, wewe ndiye unayekata."

"Sijapata kuipima, mwanangu," akajibu Kafedha, na hapo alisema kweli. Akaongeza upesi, "Lakini barafu nayo ni maji. Utayapima yakiwa mawe, utayala yakiwa yamekwenda."

Neno hilo lilimwingia Justus. Akasema haifai kubishana kwa midomo, watapima. Watachukua shilingi sita za kitu kibichi na shilingi sita za kitu cha barafu, waone mwishoni ni ratili ngapi zinaingia sufuriani. Kitakachoingiza nyingi ndicho watakachonunua. Mizani wataazima kwa yule mnunuzi wa mbata, ambaye hauzi nyama wala samaki na hana pa kuegemea.

Walianza na samaki, kwa sababu siku hiyo Mbwana hakuchinja. Kolekole wabichi, wazima, walikuwa senti arubaini ratili, hivyo shilingi sita zilileta ratili kumi na tano. Wa barafu walikuja ratili kumi na mbili, wameshikana pande moja jeupe kama mwamba, na aina yao hakuna aliyeijua. Mtu mmoja aliuliza kama hao ni samaki au ni sabuni. Wakawaweka juu ya vijiti ndani ya karai, wakaenda kazini, na waliporudi wakakuta karai lina maji na samaki wamesinyaa. Walipopimwa tena, ratili mbili na nusu zilikuwa zimekwenda na maji. Kisha Kafedha akatoa ngozi, mapezi na mwiba wa kati, zikatoka ratili mbili na nusu nyingine. Zikabaki saba.

Wale kolekole nao hawakuwa watakatifu. Magamba, matumbo, mashavu, vichwa na miba vilikula nusu nzima. Lakini nusu iliyobaki ilikuwa ratili saba na nusu.

"Mbichi ameshinda!" wakapiga kelele, na Mwangi akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Kafedha alifunga vichwa vyake vya kolekole kwenye jani la mgomba, moyo umetulia kwa mara ya kwanza tangu maneno hayo yaanze.

Ndipo Justus akasema, "Vizuri. Jumapili tupime nyama."

Kafedha alitembea kwenda nyumbani akiwa na vichwa vyake, na alipofika kwenye reli akasimama. Hakukuwa na treni. Alisimama kwa kuwa ndipo alipoiona hesabu yote, wazi kama mtu amemwekea mbele ya macho. Kwa samaki hakuwa na la kuficha, kwa kuwa mwiba haubaki na kitu. Lakini nyama! Wakimwambia akate mbele yao na yeye akakata kama anavyokata siku zote, mifupa itakuwa ratili nne nzito, na sufuriani zitaingia nane tu. Ile ya barafu ni ratili kumi kwa shilingi sita. Ikidondosha maji ya ratili moja, hata ikidondosha na zaidi kidogo, bado itazipita nane. Watahamia barafu, na barafu haina mfupa. Kile kidogo-kidogo alichomwachia Nyevu ndicho kitakachomnyang'anya Nyevu vyote.

Alijisikia vibaya hapo kwenye reli, na sijui kama ni hatia au ni uchovu, kwa sababu kwa mtu wa aina yake vitu hivyo viwili hukaa chumba kimoja.

Kesho yake alikwenda buchani kwa Mbwana, ambaye habari zilikuwa zimekwishamfikia.

"Shikamoo, Bwana Mbwana."

"Marahaba, Mama Nyevu. Karibu. Nasikia waniletea mshindani asiyejulikana amechinjwa na nani." Mbwana alikuwa mtu wa Mji wa Kale aliyehamia bara kwa ajili ya biashara, na aliongea kama mtu anayekunywa kahawa, taratibu. "Wallahi, nyama ya miaka mingapi ile? Imekwenda vita imerudi."

"Sikuleta mimi, Bwana. Wamepima samaki, sasa wanataka kupima nyama."

"Wapime. Mimi siogopi mizani." Akalaza shingo juu ya gogo, akaitazama. "Nikwambie kitu, mama. Katika kumi na mbili zangu, mfupa ni robo. Ratili tatu. Siku ya muundi mwingi utaongezeka kidogo, siku ya paja utapungua. Akate mtu anayejua kukata, zitabaki tisa. Mtu akikutolea nane..." Akapangusa kisu kwenye aproni. "Akikutolea nane, basi lawama si ya ng'ombe."

Kafedha alitazama mikono ya Mbwana, akajiuliza amejua tangu lini.

Kwa hiyo akaamua. Jumapili atakata mpaka mfupa uwe mweupe. Zitatoka tisa, nyama mbichi itashinda, mifupa itabaki kuwa haki yake. Na Jumatatu, wakiwa wote wameenda bandarini na mizani imerudi kwenye mbata zake, kisu kitarudi kwenye mwendo wake wa zamani. Nani aliyewahi kupima nyama ya sufuriani siku ya kawaida? Hakuna. Nyevu atakula mifupa mikavu siku moja, si zaidi. Alilirudia jambo hilo kichwani akaliona halina tundu.

Nyama ya barafu ililetwa Jumamosi jioni, ikapimwa mbele ya watu, ratili kumi kamili, ikatundikwa chini ya paa na karai likawekwa chini yake. Jumapili watu walipotoka kanisani ilikuwa imelainika, rangi yake ya hudhurungi, na karai lina maji mekundu. Justus akaipandisha kwenye mizani. Nane na robo tatu. Ratili moja na robo zilikuwa ndani ya karai.

"Nane na robo tatu si haba," alisema Mwangi. "Na hakuna wa kukata kitu."

"Mama Nyevu," akasema Justus, "karibu."

Wakamzunguka. Alikuwa hajawahi kukata na wanaume ishirini na wanne wakimtazama vidole. Alianza na paja, ambalo halina taabu, akaenda muundi, akauchonga mpaka mwisho. Kwenye mbavu alipitisha ncha ya kisu katikati ya kila ubavu, akakwangua utando wenyewe. Shingo ilimchosha. Shingo ina mifupa yenye mabawa na mashimo, na nyama imejificha kila mahali. Kila alipotoa kijinofu kutoka kwenye shimo alimwona Nyevu akikitoa kijinofu hichohicho kwa ukucha, akikinyonya, na alitaka kulia hapo hapo, mbele za watu, juu ya shingo ya ng'ombe. Hakulia. Akakwangua.

Mifupa ikapimwa: ratili tatu. Nyama ikapimwa: ratili tisa, na ulimi wa mizani ukasimama wima kabisa.

"Tisa!" Justus akatabasamu kama mtu ambaye sababu yake imepatikana. "Tisa kwa nane na robo tatu. Kwa robo ratili tu, lakini ni robo yetu. Tunabaki kwa Mbwana."

Watu wakapiga makofi. Mwangi mwenyewe akampa Kafedha mkono. "Mama umenishinda," alisema, na hakuwa na kinyongo. Nyama ya barafu wakaigawana vivyo hivyo bila kuipika, kila mtu akampikie mgeni wake au aile na nduguze. Ile mbichi ikabaki kwa Kafedha aipike kama siku zote, na yeye akaingia chini ya paa lake la makuti na kuanza kukatakata vipande.

Alikuwa amechoka, tena amefurahi, na hivyo viwili vikikutana akili huenda kupumzika. Mkono ukakata wenyewe. Ulikata vipande vya ukubwa uleule ambao umekuwa ukikata kwa miaka, kumi na viwili kwa kila ratili, bila kuulizwa na bila kuuliza.

Kugawa nyama ilikuwa na desturi yake. Kila mtu alikuja na bakuli lake, Kafedha akatia upawa, na kila bakuli lilipata vipande vinne, si vitatu wala vitano, na mtu aliyesimama nyuma alikuhesabia kwa sauti hata kama hukumwomba. Bakuli la mwisho likipata vinne vyake, sufuriani hubaki mchuzi. Siku zote ilikuwa hivyo. Wanaume wale walikuwa hawajui ratili ngapi huingia sufuriani, lakini vinne vyao walivijua kama majina ya watoto wao.

Justus ndiye aliyekuwa wa mwisho. Akapata vinne. Kafedha akauteremsha upawa kukwangua mchuzi wa kumwongezea, na upawa ukagonga nyama.

Akaugeuza haraka. Lakini Mwangi, aliyekuwa akingoja ukoko wa sima, alikuwa ameinama palepale.

"Mbona zimebaki?" aliuliza. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu aliyeona kuku ana miguu mitatu. Akachukua upawa, akavitoa kimoja kimoja juu ya sinia. "Kumi na viwili. Jamani, vipande kumi na viwili! Wote mmepata?"

Wote walikuwa wamepata.

Furaha ilidumu kiasi cha mtu kumeza tonge moja. Kisha Kafedha akaona inavyogeuka, akaiona ikipita kutoka uso hadi uso. Nyama ya Mbwana, shilingi sita, kama jana. Vipande vya ukubwa wa jana. Jana havikubaki. Hata juzi havikubaki.

Justus aliliweka bakuli lake chini. Akaenda kwenye kikapu cha Kafedha kilichokuwa mlangoni, akafunua jani la mgomba na kutoa mfupa mmoja wa shingo. Ulikuwa mweupe kama kigae. Akaugeuza mara mbili.

"Ratili tisa zimetoa vipande mia moja na vinane, kwa hiyo vipande kumi na viwili ni ratili moja," alisema. Sauti yake haikupanda. "Leo mifupa imekuwa tatu. Siku nyingine huwa inakuwa nne, sivyo, mama?"

Angeweza kusema Mbwana leo amewapendelea. Angeweza kusema ng'ombe huyu alikuwa na mifupa myepesi. Maneno hayo yote yalikuja mpaka mdomoni yakakuta amechoka mno kuyabeba.

"Sivyo wala ndivyo, mwanangu," alisema. "Ni nne. Nina mzazi nyumbani."

"Na kabla hajazaa?" aliuliza Mwangi.

Kafedha akamtazama. Swali lilikuwa la haki, na hilo ndilo lililouma. "Kabla hajazaa nilikuwa na njaa," akasema.

Hapakuwa na aliyefoka. Ingekuwa nafuu kama wangefoka. Mmoja alisema wamtoe, mwingine akasema nani atapika kwa shilingi kumi na mbili na mifupa, wa tatu akasema hata yeye ana mzazi, tena yuko mbali na hamwoni. Justus aliwasikiliza wote mpaka wakaishiwa. Kisha akasema neno lake, na lilikuwa na sababu kama kawaida yake: nyama mbichi imeshinda, kwa hiyo wanabaki nayo. Mifupa ni haki ya mpishi, kwa hiyo inabaki kuwa yake. Kukata, kuanzia kesho, kutakuwa alfajiri hapa uani kabla watu hawajaenda kazini, na mfupa utakwenda kikapuni ukiwa kama huu wa leo.

"Umesikia, mama?"

"Nimesikia."

"Usituone vibaya."

"Mimi ndiye wa kuonwa," alisema Kafedha, akaosha sufuria.

Vile vipande kumi na viwili waliwapa walioangukiwa na kura, kimoja kimoja. Hakuna aliyemtazama alipobeba kikapu. Njiani kilikuwa chepesi kuliko siku zote, na bado mkono ulimuuma mpaka begani.

Nyumbani alikoka moto, akaitia mifupa chunguni na maji mengi, akatia pilipili manga, tangawizi na chumvi. Aliuvunja muundi kwa kitako cha lile shoka ili uboho utoke, akauacha uchemke muda mrefu kuliko kawaida. Supu ilikuwa nyepesi, macho yake ya mafuta machache, lakini ilikuwa supu. Nyevu alikaa, akamlaza mtoto pajani, akanywa bila kusimamiwa. Kisha akachukua mfupa wa shingo kama alivyozoea, akautia ukucha kwenye lile shimo, akatafuta. Akaugeuza upande wa pili, akatafuta tena. Kafedha alijifanya anachochea kuni.

"Mama," Nyevu aliuliza, "leo nyama alikata nani?"

"Nilikata mimi."